Machi ya pakiti si Machi ya Gendabi

Leo tunachambua tafsiri. Siyo ya riwaya wala ya mkataba, ni ya mgongo wa pakiti ya mbegu. Ni mfano tu, lakini ukiwahi kuombwa na ndugu aliyeko kijijini "hebu nisomee hii", utaitambua mara moja.

Mazingira ni haya. Mama mmoja ana bustani ndogo Gendabi, wilayani Hanang, chini ya Mlima Hanang. Amepewa pakiti ya mbegu za kitunguu iliyotoka Uingereza. Anaipiga picha na kuituma kwa mtoto wa kaka yake aliye chuoni. Jibu linarudi baada ya dakika kumi:

"Shikamoo shangazi. Wanasema hivi: panda Machi hadi Aprili. Kina sentimita 1.5. Mstari hadi mstari sentimita 30, halafu punguza miche ibaki kila sentimita 15. Utavuna Agosti hadi Septemba. Aina yake inaitwa Ailsa Craig, ni vitunguu vikubwa sana."

Sasa nikuulize: kosa liko wapi? Ukichukua kamusi ukalinganisha neno kwa neno, hulioni. Kila kilichoandikwa kwenye pakiti kimeingia kwenye ujumbe, na Kiswahili chake kinaeleweka. Mwalimu wa tafsiri angetoa alama nzuri. Lakini shangazi akiufuata ujumbe huu bila kukosea hata hatua moja, mwezi wa tisa atakuwa na tuta la majani mabichi mazuri na hatakuwa na kitunguu hata kimoja cha kupeleka sokoni.

Hoja yangu ni kwamba pakiti ile ina taarifa za aina tatu ambazo zinafanana kwa sura tu. Kina kinaihusu mbegu yenyewe. Nafasi inahusu namna mtu anavyolima. Msimu unahusu mahali. Mfasiri wetu amezibeba zote tatu kwa namna moja, kama magunia ya aina moja kwenye lori moja. Tuzishushe moja moja.

Kina: namba inayosafiri vizuri, picha ikiwa safi

Tuanze na rahisi. Mbegu ya kitunguu ina upana wa kama milimita 2 hadi 3. Ndani yake kuna chakula kidogo cha kuufikisha mche juu ya udongo, na kikiisha kabla mche haujaona mwanga, safari imekwisha. Akiba hiyo ni ileile, uwe Gendabi, London au Nairobi. Ndiyo maana kina kinaweza kutafsiriwa moja kwa moja bila kuuliza shangazi anaishi wapi.

Hatari ya kina iko kwenye picha. Pakiti imekunjamana, imepigwa jioni jikoni, na nukta iliyo katikati ya 1 na 5 imemezwa na kivuli. Hapo sentimita 1.5 inageuka sentimita 15. Pakiti za Uingereza mara nyingi huweka na inchi pembeni, nusu inchi, ambayo huandikwa 1 juu ya 2. Kile kimstari cha katikati kikipotea, unasoma 12.

Bahati nzuri, kina kina mtihani wake wa ndani. Kanuni ya wakulima ni kufunika mbegu kwa udongo wenye unene wa mara mbili au tatu ya mbegu yenyewe, na kwa mbegu ndogo kama hii tunaongeza kidogo ili isikaushwe na jua. Kwa kitunguu unapata karibu sentimita 1. Kwa hiyo 1.5 inaingia akilini na 15 haiingii kabisa. Pia nusu inchi ni sentimita 1.27, yaani namba mbili za pakiti zinashuhudiana. Mfasiri aliyeona 15 na 12 alitakiwa kusimama hapo hapo na kuomba picha nyingine iliyopigwa mchana, pakiti ikiwa imenyooshwa.

Hapa mfasiri wetu amefaulu. Ningemdai kitu kimoja tu: kipimo ambacho shangazi anacho mkononi. Kifundo cha kwanza cha kidole cha shahada ni kama sentimita 2 na nusu. Ukisema "zidi nusu ya kifundo kidogo", umemwambia kina bila kumtafutia rula. Na akitaka kujua kama amefukia sana, asubiri siku 10 hadi 14, kisha afukue pole pole sehemu ndogo isiyoota. Akikuta kijiti cheupe kimejikunja chini ya udongo, mbegu ilikuwa nzima ila njia ilikuwa ndefu. Akikuta mbegu haijabadilika kabisa, shida ni mbegu kuzeeka au maji kukosekana. Mbegu ya kitunguu huzeeka haraka, ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo picha inayokata kona yenye tarehe ya mwisho wa matumizi imekata jambo la maana.

Nafasi: namba mbili, na mkono wa mtu nyuma yake

Kwenye nafasi mambo yanaanza kubadilika. Mfasiri ameandika "mstari hadi mstari" na "miche ibaki kila", na hapo nampongeza. Wengi huandika "nafasi 30 kwa 15" wakaishia hapo, na mkulima anabaki kubahatisha ipi ni ipi. Ukizigeuza, idadi ya miche kwenye tuta haibadiliki, kwa sababu 30 mara 15 na 15 mara 30 ni sentimita za mraba 450 zilezile kwa kila mche. Kinachobadilika ni kwamba jembe dogo la palizi halipiti tena katikati ya mistari.

Lakini kwa nini 30 na 15? Ukilijibu hilo ndipo unajua kama namba inamfaa shangazi. Sentimita 30 za Uingereza ni njia ya jembe la mpini mrefu kwenye bustani ya nyumbani. Sentimita 15 ni kwa sababu Ailsa Craig ni kitunguu cha maonyesho. Wenzetu kule hushindana nani ana kitunguu kikubwa zaidi, na kitunguu kikipewa eneo kubwa hunenepa.

Shangazi hashindani na mtu. Anataka vitunguu vya saizi ya sokoni, na anapalilia kwa mkono akiwa amechuchumaa pembeni ya tuta. Kwa Tanzania ni kawaida mistari kukaa sentimita 15 hadi 20, na mche hadi mche karibu sentimita 10. Chukua tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Kwa 30 na 15 linabeba miche kama 220. Kwa 20 na 10 linabeba 500. Maji ya kumwagilia ni karibu yaleyale, maana unamwagilia tuta zima. Unaona? Akiufuata ujumbe wa mpwa wake, atakuwa ameacha zaidi ya nusu ya mazao yake kwenye udongo mtupu.

Na kuna neno moja ambalo tafsiri imeliruka bila kujua: "panda". Mtu wa pakiti anazungumzia kutia mbegu moja kwa moja pale zitakapokua, halafu kung'olea za ziada. Mkulima wa kitunguu wa huku kwa kawaida *husia* mbegu kitaluni, kisha *huhamisha* miche baada ya wiki 6 hadi 8. Kiswahili chetu kina maneno haya mawili, tena yanatenganisha kazi mbili vizuri kabisa. Ukitumia "panda" kwa zote mbili, kina cha mbegu na nafasi ya miche vinaonekana kama maagizo ya siku moja na mahali pamoja. Kumbe kina ni cha kitaluni, na nafasi ni ya tutani, na kati yake kuna karibu miezi miwili.

Msimu: hapa ndipo tafsiri inavunjika

Sasa twende kwenye "Machi hadi Aprili".

Mara nyingi taarifa hii hata haiandikwi kwa maneno. Ni kijedwali chenye herufi 12, J F M A M J J A S O N D, na mistari ya rangi chini yake: mmoja wa kusia, mwingine wa kuvuna. J ziko tatu, M ziko mbili, A ziko mbili. Picha ikikatwa upande mmoja, huwezi kujua M uliyoiona ni Machi au Mei. Kwa hiyo kwanza hakikisha herufi zote 12 zimo kwenye picha, ndipo uanze kuhesabu kutoka kushoto.

Mfasiri wetu amehesabu sawa. Ni Machi na Aprili kweli. Swali ni: kwa nini Machi?

Jibu liko kwenye mchana. London, mchana wa mwishoni mwa Desemba una urefu wa karibu saa 8, na ule wa mwishoni mwa Juni unazidi saa 16 na nusu. Kitunguu kinaupima mchana huo, au kwa usahihi zaidi, majani yake yanaupima. Kwanza kinaota majani. Mchana ukirefuka kupita kiwango ambacho aina hiyo imezaliwa nacho, kinaacha kutoa majani mapya na kuanza kuvimbisha sehemu za chini za majani yaliyopo. Huo uvimbe ndio tunguu, yaani kitunguu tunachokata jikoni, na kila tabaka unalolimenya lilikuwa mguu wa jani. Kwa hiyo mkulima wa Uingereza anasia Machi ili mmea uwe na majani ya kutosha kabla ya michana mirefu ya Juni kufika. Akichelewa, ishara inaukuta mmea ukiwa mdogo, na anavuna vitunguu vidogo.

Kwamba mimea inasoma urefu wa mchana tumejua kisayansi tangu 1920, pale Garner na Allard wa Marekani walipochapisha majaribio yao ya tumbaku na soya. Kwa kitunguu tumeingia ndani zaidi. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba jeni moja, AcFT4, hufanya kazi kama breki inayozuia tunguu wakati mchana ni mfupi. Mchana ukirefuka breki inaachia, na jeni nyingine, AcFT1, inaanzisha uvimbe.

Aina kama Ailsa Craig, zilizokuzwa kwa ajili ya Uskoti na Uingereza, huhitaji mchana wa saa 14 hadi 16 ndipo breki iachie. Sasa rudi Gendabi, takriban nyuzi 4 na nusu kusini mwa ikweta. Huko jua huchomoza karibu na saa 12 na nusu asubuhi na kuzama karibu na saa 12 na nusu jioni, mwaka mzima, likicheza dakika chache huku na huku. Mchana mfupi kabisa, Juni, unapungua kidogo tu chini ya saa 12. Mrefu kabisa, Desemba, unazidi saa 12 kwa chini ya nusu saa. Saa 14 hazipo. Breki haiachii, mwezi wowote utakaosia.

Kwa hiyo "Machi" ya pakiti si jina la mwezi tu. Ni ufupisho wa sentensi ndefu: *sia miezi mitatu kabla ya mchana mrefu kuliko yote.* Gendabi sentensi hiyo haina pa kushika.

Kuna mtu atasema: basi geuza miezi sita, si tuko kusini mwa ikweta? Machi iwe Septemba. Ujanja huo unafanya kazi Tasmania, ambako mchana wa Desemba ni mrefu kweli. Gendabi unakupa mchana ule ule wa saa 12 na kitu, na juu yake unapeleka mavuno katikati ya mvua, wakati kitunguu kinahitaji ukavu ili shingo ikauke na kisioze ghalani. Yaani umerekebisha tafsiri ukaiharibu zaidi.

Kwa nini hakuna atakayeshtuka

Kinachonisumbua zaidi kwenye tafsiri hii ni kwamba inaonekana sahihi hata kwa mtu wa huko huko. Hebu tupige hesabu ya msimu kwa njia ya Gendabi, tukianzia mwisho. Mvua kwa kawaida zinakuwa zimekatika kufikia mwisho wa Mei. Tunataka kuvuna wakati mkavu, tuseme Septemba 11. Aina zetu huchukua kama siku 100 baada ya kuhamishwa, kwa hiyo tunahamisha Juni 3. Kitaluni wiki 7, kwa hiyo tunasia Aprili 15.

Aprili! Ndiyo ile ile ya pakiti. Shangazi akimwuliza jirani, "Wanasema Aprili, ni kweli?", jirani atajibu, "Kabisa, na sisi tunasia Aprili." Tafsiri imepita mtihani wa mtaani. Lakini Aprili ya jirani imetokana na mvua, na Aprili ya pakiti imetokana na jua. Zimekutana kwenye kalenda kwa bahati, na bahati hiyo inaficha kwamba mbegu yenyewe haifai.

Dalili zitakuja polepole. Miche itaota vizuri, itahamishwa vizuri, itakuwa na majani marefu ya kuvutia. Usidanganywe na uzuri huo. Wiki ya 10 baada ya kuhamisha, chukua uzi, zungusha sehemu nene ya chini ya mmea, weka alama. Zungusha tena shingoni, pale pembamba zaidi, weka alama. Kama kipimo cha chini hakijafika mara mbili ya kile cha shingo, tunguu bado halijaanza. Kama aina za jirani zilizopandwa wakati mmoja zimeshavuka mara mbili na zako zina shingo nene na bado zinatoa jani jipya, usiongeze mbolea wala maji ukidhani ni njaa. Anza kukata majani uyauze kama majani ya kitunguu, maana ndicho pekee utakachopata.

Kwani mfasiri ni bwana shamba?

Najua pingamizi lenu, hasa nyie wa isimu: kazi ya mfasiri ni kusema kilichoandikwa. Akianza kuongeza maoni yake, tutajuaje pakiti imesema nini?

Pingamizi lina uzito, na ndiyo maana sipendekezi abadilishe namba kimya kimya. Mfasiri anayeandika 20 mahali pa 30 bila kusema amemnyima msomaji nafasi ya kuamua. Lakini angalia maandishi haya ni ya nini. Ni maagizo, na maagizo yana msomaji aliyekusudiwa: mtu mwenye bustani Uingereza, anayejua michana yake bila kuambiwa. Ukimbadilisha msomaji ukabakiza maneno, umetafsiri nusu. Kinachotakiwa ni kuweka vitu viwili kando kwa kando, pakiti inasema hiki na kwetu ni hiki, na kusema wazi ni wapi pakiti haina jibu.

Ingekuwa mimi, ujumbe ungekuwa hivi:

"Shikamoo shangazi. Pakiti inasema usie Machi hadi Aprili, kina sentimita 1.5, mistari sentimita 30, mche hadi mche 15. Lakini hii mbegu ni ya nchi ambazo mchana wa kiangazi unafika saa 16. Kwetu itatoa majani bila kitunguu, kwa hiyo usiipe tuta lako. Tafuta Red Creole, Bombay Red au Mang'ola Red, hizo zinatosheka na mchana wetu, na angalia pakiti iwe na lebo ya TOSCI na tarehe isiwe imepita. Sia kitaluni katikati ya Aprili, funika kwa udongo wa sentimita 1, hata pungufu ya nusu kifundo. Hamisha mwanzoni mwa Juni, mistari sentimita 20, mche hadi mche 10. Mvua zikichelewa kukatika mwaka huu, chelewa nazo. Na kama maji ya kumwagilia Julai na Agosti hayana uhakika, niambie kabla hujasia."

Ni mrefu kuliko ule wa kwanza, na umechukua zaidi ya dakika kumi. Pia umemwachia shangazi maswali mawili ambayo hakuna pakiti inayoweza kuyajibu: mvua zitakatika lini, na maji yatatosha? La kwanza ataangalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na mawingu ya mlima wake. La pili analijua yeye mwenyewe kuliko mtu yeyote aliyeko chuoni.

Kwa hiyo siku nyingine ukitumiwa picha ya pakiti, usianze na namba. Anza na jina la aina, ulizia imekuzwa kwa ajili ya wapi, na ikiwa ni kitunguu, ulizia inahitaji mchana wa saa ngapi. Ukikuta ni 14 na kuendelea, tafsiri nzima ya pakiti hiyo kwa mtu wa Gendabi inaanza na neno "usisie".